Paja la Kulia la Émeric

Huguette Brisebois alikuwa dereva wa basi la shule mjini Hearst, mji mdogo wa baridi huko kaskazini, na kwa miaka mingi watu walimjua kwa basi hilo kuliko kwa jina. Watoto aliowabeba zamani sasa walikuwa na watoto wao, nao walipanda basi lilelile la njano, wakikaa viti vilevile vya nyuma na kufikiri kwamba yeye haoni wanachofanya. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye sauti isiyopanda. Mume wake alikwenda zake Sudbury na mwanamke mwingine, na Huguette hakupoteza muda mwingi kulisema jambo hilo. Alimlea binti yake Maryse peke yake, akamwozesha, akadhani sasa atapumzika kidogo.

Maryse alijifungua kabla ya siku zake, katikati ya baridi kali. Mtoto, Émeric, alikuwa na matumbo yasiyofanya kazi, akachukuliwa kwa ndege hadi hospitali ya watoto kule kusini, akapasuliwa, akalazwa wiki nyingi. Ili kumlisha na kumpa dawa, walimwekea mrija kwenye mshipa wa kinena upande wa kushoto. Matumbo yalipona, lakini siku moja mguu wa kushoto ulivimba ukawa wa zambarau. Walipompiga picha ya mawimbi ya sauti wakaona damu imeganda ndani ya mshipa, pale pale mrija ulipokuwa. Waliutoa mrija, na daktari akasema mtoto ataanzishiwa enoksaparini, dawa ya kuzuia bonge lile lisikue na kuupa mwili nafasi ya kulimaliza taratibu. Ni sindano ya chini ya ngozi, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu.

Ndipo Huguette akaomba ruhusa kazini na kwenda kusini, kwa sababu Yannick, mume wa Maryse, alikuwa kwenye kambi ya machimbo ambako wanaume huingia kwa ndege na kutoka baada ya majuma mawili, na Maryse alisema kwenye simu, "Mama, siwezi kujifunza hili peke yangu."

Aliyewafundisha alikuwa nesi wa kitengo cha damu iliyoganda, mama wa Kihaiti aliyeitwa Guerda Mésidor, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na mwendo wa mtu ambaye miguu inamuuma lakini hasemi. Aliwaonyesha kichupa cha dawa na mabomba ya sindano madogo kabisa, yale wanayotumia wenye kisukari kujidunga.

"Dawa hii ni kali hivi ilivyo," aliwaambia, "kwa hiyo mstari mmoja kwenye bomba hili ni miligramu moja. Émeric ana kilo nne. Watoto wachanga kama yeye tunaanza na miligramu moja na nusu kwa kila kilo. Kwa hiyo?"

"Mistari sita," alisema Huguette.

"Sita. Kila baada ya saa kumi na mbili. Ukimaliza kudunga usisugue, utamwachia alama kubwa. Na kila mara mbadilishe mahali."

Walijaribu kwanza kwenye sponji. Kisha kwa mtoto. Huguette alibana meno, akakunja ngozi ya paja kwa vidole viwili, akaingiza sindano, akahesabu kidogo moyoni, akatoa. Mtoto alilia, akanyamaza. Zamu ya Maryse, aliishika sindano bila kuisogeza hadi Guerda akaweka mkono wake juu ya wa kwake, wakadunga pamoja. Émeric alilia mpaka pumzi ikakatika, midomo ikaingia rangi ya kijivu, kisha akavuta hewa tena. Guerda alisema watoto wengi hufanya hivyo, si dawa, ni hasira tu. Maryse aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Zilipopita saa nne baada ya sindano, walimtoa mtoto damu, kwa sababu wakati huo ndipo dawa inapofika kileleni mwilini, na kipimo cha kiasi chake kinasomeka vizuri. Guerda alieleza kwamba wanataka namba iwe kati ya sifuri nukta tano na moja kamili. Chini ya hapo bonge linaweza kukua, juu ya hapo mtoto anaweza kutokwa damu. Ya Émeric ilikuwa nukta sita. Wakaruhusiwa kwenda nyumbani.

Nyumbani walipanga kazi bila kubishana. Asubuhi Huguette yuko barabarani tangu kabla hakujapambazuka, anachomoa waya wa umeme wa kupashia injini joto, anakwangua barafu kwenye vioo, anaanza mzunguko wake wa mashambani. Kwa hiyo sindano ya saa mbili asubuhi itakuwa ya Maryse. Ya saa mbili jioni itakuwa ya Huguette, akitoka kwake mtaa wa pili. Na ili wasidunge mahali pamoja, walikubaliana paja la kulia ni la mama, la kushoto ni la bibi. Wazo hilo lilikuwa la Huguette mwenyewe.

Maisha yakaendelea hivyo, yakiwa mazito. Huguette alikuwa akimaliza mzunguko wa mchana, anakula supu ya dengu za manjano iliyobaki tangu Jumapili, analala kidogo kwenye kochi akiwa na koti, anaamka na kwenda kwa Maryse. Huko alikuta vyombo vimejaa kwenye sinki, nguo za mtoto zimerundikwa kwenye kiti, na binti yake amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa sauti. Alikuwa akiosha, akikunja, akidunga, akirudi kwake. Hakumwuliza Maryse kama amechoka. Wote walikuwa wamechoka.

Kipimo cha kwanza cha nyumbani kilichukuliwa katika hospitali ya pale mjini. Maryse alimpeleka mwenyewe saa sita mchana. Maabara ya Hearst haikuwa na mashine ya kipimo hicho, kwa hiyo fundi aliizungusha damu, akayatenga maji yake ya juu, akayagandisha na kuyapeleka kwa gari hadi Timmins. Majibu yalifika kusini kesho yake. Nukta moja.

Guerda alipiga simu akaongea na Maryse. Alimwuliza sindano ilidungwa saa ngapi, Maryse akasema saa mbili kamili. Guerda akasema miili ya watoto wachanga ina kawaida ya kuimaliza dawa hii haraka, wengi wao huhitaji zaidi ya kile walichoanza nacho, na namba ikiwa chini kiasi hiki wanaongeza robo. Kutoka mistari sita, wapande hadi saba na nusu. Mabomba yale yalikuwa na mistari ya nusu, kwa hiyo haikuwa shida.

Huguette jioni ile alivuta saba na nusu akamdunga mjukuu wake. Alimwambia Maryse, "Labda amerithi tumbo la babu yake. Yule naye hakuna kilichomtosha."

Maryse alicheka kidogo kwa pua, akageuka.

Kipimo cha pili kilichukuliwa vilevile, saa sita mchana, baada ya siku chache za kiwango kipya. Majibu yalipokuja Guerda alimpigia Maryse, simu ikaita hadi ikakata. Alipiga tena. Halafu akapiga namba ya pili kwenye faili, na hiyo ilikuwa ya Huguette.

Huguette alikuwa kwenye karakana ya mabasi, ameketi kwenye ngazi ya basi lake anakunywa kahawa ya chupa. Mizunguko ya asubuhi ilikuwa imeisha.

"Mama Huguette, ni Guerda. Habari za huko?"

"Baridi. Sema."

"Namba ya Émeric ni nukta moja tena."

Huguette aliangalia theluji iliyoganda kwenye buti lake. "Basi mwongeze tena."

"Ningeweza. Lakini kwanza nataka kuuliza mambo machache, usichoke nami. Damu walichukua saa ngapi?"

"Saa sita. Maryse ndiye aliyempeleka."

"Na asubuhi alidungwa saa mbili?"

"Ndiyo kazi yake hiyo."

"Kichupa ni kilekile? Hakuna mtu aliyewapa kingine chenye nguvu tofauti?"

"Kilekile."

"Dawa haivuji ikitoka? Hamuoni unyevu kwenye ngozi?"

"Kwangu haivuji. Mimi nangoja kidogo kabla ya kutoa sindano, kama ulivyotuambia."

Guerda alivuta pumzi. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye amepiga simu nyingi tangu asubuhi na zote zilikuwa ngumu. "Sikiliza, mama. Tuliongeza robo nzima. Hata kama mwili wa mtoto unaimaliza dawa haraka, ukiongeza robo namba husogea, japo kidogo. Hii haikusogea kabisa. Namba kama hii mimi huiona kwa mtoto ambaye sindano yake ya mwisho ilikuwa jana."

"Unasema hatumdungi?"

"Sisemi hivyo. Nasema sitapandisha dawa juu ya kitu nisichokielewa. Nikipandisha leo, na kesho kutwa nikapandisha tena, kisha kile kilichokuwa kinazuia kikaondoka, mtoto atapata kiasi kikubwa ghafla na anaweza kutokwa damu. Huyu alizaliwa kabla ya wakati. Kichwani mwake mishipa ni laini bado. Na wakati huohuo, kama dawa haimfikii, bonge linakua. Kwa hiyo naogopa pande zote mbili."

"Mimi kila jioni namdunga," alisema Huguette. "Kila jioni ya Mungu. Nikiwa na mafua, nikiwa nimetoka kusukuma basi kwenye theluji."

"Najua. Naomba tu uende ukaangalie. Unipigie leo."

Huguette alikata simu akiwa amekasirika. Hasira yake ilikuwa ya kuchoka, ile isiyo na mwenyewe, inayotafuta tu mahali pa kukaa. Alimkasirikia Guerda, akamkasirikia Yannick huko machimboni na chakula chake cha bure, akaikasirikia maabara ya Timmins. Alimwaga kahawa kwenye theluji, akaingia kwenye gari lake dogo na kuendesha hadi kwa Maryse.

Maryse hakumtarajia. Alikuwa na gauni la kulalia, nywele hazijachanwa, mtoto amelazwa juu ya meza ya kumbadilishia nepi. Simu ilikuwa mezani, uso chini.

"Mama. Huna mzunguko?"

"Nimemaliza. Guerda amekutafuta."

"Nilikuwa naoga."

Huguette alivua koti, akanawa mikono kwa maji ya moto hadi vidole vikapata joto, akasogea mezani. "Lete, nitambadilisha mimi."

Alimfungua mtoto nepi. Émeric alimtazama kwa macho yale mazito ya watoto waliozaliwa mapema, kana kwamba anajaribu kumkumbuka. Huguette alimshika miguu yote miwili kwa mkono mmoja, kama alivyowahi kumshika Maryse miaka mingi iliyopita. Paja la kushoto lilikuwa na madoa yake, la juzi lilikuwa la kijani, la jana la samawati, na alama ndogo za sindano kama za kuumwa na mbu. Hilo alilijua. Ni la kwake. Paja la kulia lilikuwa jeupe. Lilikuwa safi kabisa, bila doa, bila alama, kama la mtoto ambaye hajawahi kuugua.

Jioni zote hizo alikuwa akifunua upande mmoja tu, chini ya taa hafifu, mtoto akiwa ndani ya nguo yake ya kulalia. Hakuwahi kuangalia upande wa pili, kwa kuwa haukuwa wake.

Aliangalia pia mguu wa kushoto, sasa kwa jicho lingine. Ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Alikuwa ameuona hivyo kwa siku kadhaa na kujiambia ni mafuta, mtoto ananenepa.

Alimfunga nepi, akamvalisha, akamwinua begani. Kisha akaketi.

"Tangu lini?" aliuliza.

Maryse alisimama karibu na friji. Hakujifanya haelewi. "Mwanzoni nilifanya," alisema. "Siku za kwanza nilifanya, nakuapia."

"Halafu?"

"Halafu ikatokea ile tena, akalia mpaka akaacha kupumua. Nilikuwa peke yangu hapa. Akawa wa kijivu, Mama, akalegea mikononi mwangu. Nilimpulizia usoni akarudi. Siku iliyofuata nilivuta dawa kwenye bomba, nikamsogelea, akaniona na bomba akaanza kulia kabla sijamgusa. Anaogopa mikono yangu. Nikaimwaga kwenye sinki." Alijifuta pua kwa mkono wa gauni. "Nikasema kesho nitafanya. Kesho nayo nikaimwaga. Kila asubuhi naivuta, napima mistari yote, natoa mapovu, kila kitu. Halafu nafungua maji."

"Na nesi alipokuuliza?"

"Nilisema saa mbili. Nilikuwa nimeivuta saa mbili kweli."

Huguette alitaka kupiga kelele na akagundua hana hata nguvu ya kuanza. Alimpapasa mtoto mgongoni. Nje gari la kusukuma theluji lilipita, nyumba ikatetemeka kidogo, vikombe vikagongana kabatini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie uongeze na ya asubuhi? Umejiona unavyoonekana? Wiki iliyopita ulisinzia umekaa hapo na kijiko mkononi."

Huguette alimhamishia mtoto bega la pili.

"Watamchukua," alisema Maryse. "Ukimwambia Guerda, watu wa ustawi wa jamii watakuja kumchukua."

"Sijui," alisema Huguette. "Huenda watakuja kuuliza. Lakini yule mama kule alitaka kuongeza dawa. Unaelewa? Angeipandisha tena na tena kwa sababu ya namba ambayo si ya kweli. Na mimi jioni ningemdunga hiyohiyo, mikono yangu hii." Alimshusha mtoto mapajani. "Mguu umevimba, Maryse. Uangalie."

Maryse alikuja akapiga magoti, akashika nyayo zote mbili za mwanawe, akailinganisha miguu. Kisha akachukua simu mezani mwenyewe.

Alizungumza akiwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, na Huguette alisikia upande mmoja tu mpaka Maryse alipoiweka simu kwenye spika kwa sababu alishindwa kuendelea.

"Nipo," Guerda alikuwa akisema. "Nipo, mwanangu, sijaondoka. Pumua. Leo asubuhi hakupata?"

"Hakupata."

"Na jana jioni alipata?"

"Saba na nusu," alisema Huguette. "Nilimpa mimi."

"Sawa. Mama Huguette, uko hapo, vizuri. Sasa kwanza mguu. Mpelekeni hospitali sasa hivi wampige picha, nitawapigia simu mimi wawe tayari. Kuhusu dawa naongea na daktari kisha nawarudia. Msimpe chochote mpaka niwapigie."

"Utaandika?" aliuliza Maryse.

"Nitaandika, lazima. Mtu wa ustawi wa jamii wa hapa atakupigia, nitamwomba mimi. Nitaandika pia kwamba wewe ndiye uliyenipigia ukaniambia. Si wewe wa kwanza, Maryse. Sisemi ni jambo dogo. Nasema si wa kwanza."

Picha ilionyesha bonge limepanda. Wakati wa kutoka kusini lilikuwa kinenani tu, na sasa lilikuwa limeingia kidogo kwenye mshipa wa ndani ya nyonga. Aliyekuwa akipiga picha alikuwa msichana ambaye Huguette alimbeba kwenye basi tangu chekechea, na alisema tu, "Daktari atawaelezea, madame," bila kuinua macho kutoka kwenye skrini.

Guerda alipiga wakiwa bado pale. Daktari ameamua waanze upya kutoka palipokuwa na ukweli. Mistari sita ndiyo iliyompa namba nzuri kule kusini, sasa mtoto ameongezeka uzito kidogo, kwa hiyo sita na nusu, asubuhi na jioni, bila kukosa. Robo ile waliyoongeza ifutwe. Wakishampa mfululizo kwa siku mbili tatu, damu ichukuliwe tena, saa nne baada ya sindano. Na miezi mitatu itahesabiwa upya kuanzia leo.

"Kuanzia leo," alirudia Huguette.

"Pole, mama. Sasa niambieni, asubuhi ni nani?"

Maryse aliangalia sakafu. Huguette alisema, "Mimi."

"Una basi."

"Hatuwezi kusogeza saa?"

Walisogeza. Guerda alipanga nao jinsi ya kuihamisha polepole hadi saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, ili Huguette apite kwa Maryse kabla ya kwenda karakana. Alisema pia kuna kifaa kidogo, mrija laini wa plastiki usiozidi ukucha, unaowekwa chini ya ngozi ya paja na kubadilishwa kila wiki. Dawa hupitishwa humo, mtoto asichomwe kila mara. Hawapewi wote, lakini kwa hawa angeomba. Nesi wa pale Hearst aliwahi kumwekea mtoto mwingine, na bado alikumbuka jinsi ya kuuweka.

Kwa hiyo Huguette alianza kuamka mapema zaidi ya ilivyokuwa, na kwa mtu aliyekuwa akiamka mapema maisha yake yote hilo halikuwa jambo la kujisifu. Alikuwa akimkuta Maryse ameamka tayari, ameketi jikoni, kahawa imechemka. Maryse alimshika mtoto, Huguette alifanya kazi. Mrija laini ulisaidia sana. Émeric alikunja uso, mara nyingi hakulia kabisa. Hawakuongea mengi. Asubuhi moja Huguette alipitiwa na usingizi kwenye taa nyekundu ya barabara kuu, basi likiwa tupu, na lori la magogo nyuma yake likampigia honi. Hakumwambia mtu.

Kipimo kilichofuata kilikuwa nukta tano na nusu. Guerda alisema, "Imo ndani. Tusiiguse." Baada ya hapo walikuwa wakipima mara chache zaidi, na kiasi kiliongezwa kidogo kidogo kufuata uzito.

Mtu wa ustawi alipiga, akaja hata nyumbani mara moja, kijana mwenye viatu visivyofaa kwa theluji. Alikunywa kahawa, akauliza maswali, akamtafutia Maryse daktari wa kuongea naye kwa video kila Alhamisi. Hakumchukua mtu. Yannick aliporudi kutoka kambini aliambiwa yote, akatoka nje akapasua kuni ambazo hazikuhitajika, akarudi na kusema, "Mama mkwe, nikiwa hapa asubuhi ni zangu. Ulale." Huguette alilala siku ya kwanza hadi saa tatu akaamka na kichwa kikimuuma.

Theluji ilipoanza kulegea Émeric alishikwa na ugonjwa wa kuhara. Aliharisha siku nzima na ya pili, akakataa chupa, Maryse akampeleka hospitali. Maryse ndiye aliyeona kwamba pale walipomtoa damu kisiginoni, kitambaa kilikuwa kikilowa tena na tena, na hakungoja mama yake aje. Alimpigia Guerda.

"Anakojoa?" Guerda aliuliza.

"Kidogo sana. Nepi mbili tu tangu jana."

"Dawa hii hutoka kwa mkojo. Mtoto akikauka, figo hupunguza kazi, dawa hubaki ndani. Mama yako amempa ya asubuhi?"

"Amempa saa kumi na mbili. Nilikuwepo. Mistari saba na nusu."

"Basi saa nne watoe damu, na wamwekee maji ya mshipani. Waambie maabara ni ya haraka."

Ilirudi moja nukta mbili. Guerda aliondoa sehemu moja ya tano, kutoka saba na nusu hadi sita, na akataka kipimo kingine baada ya sindano iliyofuata. Safari hii hakuuliza mara mbili kama sindano ilidungwa, na Huguette, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa wodi na koti lake la basi, aliliona hilo. Kipimo kilichofuata kilikuwa nukta tisa. Mtoto akaanza kunywa, nepi zikajaa, na baada ya wiki chache kiasi kikapandishwa tena kidogo.

Dawa iliisha mwanzoni mwa kiangazi, wakati wa nzi wadogo weusi wanaouma, ambapo Hearst yote hutembea ikijipiga shingo. Picha ya mwisho ilionyesha kwamba lile bonge la juu limekwisha, na lile la kinenani limebaki kama kovu, mshipa pale umefunga. Damu ilikuwa imejitafutia njia ndogo ndogo pembeni. Mguu wa kushoto huenda ukabaki mnene kidogo kuliko wa kulia, daktari alisema, huenda ukamchosha akianza kukimbia, watamfuatilia. Hakuna aliyesema kama ungekuwa hivyo hata bila yale majuma ya sinki. Maryse hakuuliza, na Huguette alijua kwa nini hakuuliza.

Siku hiyo, wakiwa kwenye ngazi za nyuma za nyumba, mtoto amelala ndani chini ya chandarua, Maryse alisema, "Mama, ulinichukia? Ile siku."

Huguette alifikiri. Alitaka kusema hapana kwa haraka, lakini halikuwa jambo la kusemwa kwa haraka.

"Nilikuwa nimechoka mno kuweza kujua," alisema. "Bado nimechoka."

"Najua."

"Lakini ulipiga simu wewe. Sikupiga mimi."

Maryse alimuua nzi kwenye goti lake, akalitazama lile doa la damu, akalifuta. Alisema amepika pai ya nyama, kama mama yake atapenda kubaki. Huguette alisema atabaki, lakini asimwache alale hapo kwenye kochi, kwa sababu shule zilikuwa hazijafungwa bado na kesho kulikuwa na watoto wa kubebwa.